Bili ya Mezani: Nani Alipe Kiasi Gani?

Mwezi uliopita tulikwenda wanne kula chakula cha mchana Kinondoni, kumpongeza mwenzetu aliyejifungua. Bili ilipoletwa, mmoja akasema haraka, "Jamani, tugawane sawasawa." Mama wa Temeke akainamisha uso. Yeye alikuwa ameagiza chipsi mayai na soda tu, maana alikuwa na fedha ya hivyo na nauli ya kurudia nyumbani.

Chakula chote kilikuwa sh. 60,000. Ada ya huduma asilimia 10 ikaongeza 6,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ikatozwa juu ya hiyo 66,000, yaani 11,880. Jumla sh. 77,880. Kwa kugawana sawa kila mmoja angetoa 19,470.

Tuliomba kalamu. Kwanza tuliandika alichokula kila mtu: 5,000, 10,000, 12,000, na 25,000 kwa aliyekula samaki mzima. Sahani ya sambusa ya 8,000 tulikula wote, basi kila mmoja akaongezewa 2,000. Wakawa 7,000, 12,000, 14,000 na 27,000.

Hapo wengi hukosea. Huona ada na kodi ni za wote, wakazigawa kwa vichwa. Lakini hizo hutozwa kwa thamani ya chakula, na samaki amezileta zaidi kuliko chipsi. Kwa vichwa, mama wa Temeke angelipa 11,470.

Njia rahisi ni kugawanya jumla ya mwisho kwa jumla ya chakula. 77,880 kwa 60,000 ni 1.298. Maana yake kila elfu moja ya chakula imekuwa 1,298. Zidisha fungu la kila mtu kwa namba hiyo: mama wa Temeke 9,086, wa pili 15,576, wa tatu 18,172, na mla samaki 35,046. Ukizijumlisha unapata 77,880 kamili. Tukazifanya ziwe 9,100, 15,600, 18,200 na 35,000, ikazidi shilingi 20 tu.

Njia hii ina faida nyingine. Mikahawa mingi huweka kodi ndani ya bei tayari, na risiti huionyesha tu. Anayeongeza asilimia 18 kwa kichwa chake hulipa kodi mara mbili. Ukigawanya jumla kwa jumla, huhitaji kujua asilimia yoyote. Bakshishi ya mhudumu isiingizwe humo. Kila mtu atoe apendavyo.

Mla samaki alicheka akafungua pochi. "Kumbe nilitaka kulishwa na ninyi!" akasema. Mama wa Temeke alipanda daladala akiwa na nauli yake mkononi.