Krioli ya Hawaii: Sarufi Ilitoka kwa Nani?

Watoto wa vibarua wa mashamba ya miwa ya Hawaii walikua wakisikia Kiingereza cha kuungaunga, yaani pijini, kisha wakaja kuzungumza krioli, lugha iliyokamilika. Sarufi iliyojaza pengo hilo waliitoa wapi? Mwaka 1981 Derek Bickerton alijibu kwamba hawakuitoa kwa mtu yeyote. Kwa maoni yake, kila mtoto huzaliwa na ramani ya lugha kichwani, na akikosa lugha kamili ya kuiga huitumia ramani hiyo. Ndiyo maana, alisema, krioli ya Hawaii inafanana na za Karibi ingawa ziko mbali mno. Aliamini jambo hilo kiasi cha kuomba fedha za kupeleka kisiwani familia zisizoelewana lugha, aone watoto wao watazungumza nini. Ombi lilikataliwa, na nadhani waliolikataa walikuwa na busara.

Wapinzani wake wako kambi mbili. Kuna wanaosema sarufi ilitoka katika lugha za vibarua wenyewe, ambazo wanaisimu huziita lugha za chini. Wengine husema ilitoka katika lugha ya wenye mali, lugha ya juu, iliyojifunzwa nusunusu na kubadilika kidogo kidogo. Ugomvi huu umetafuna karatasi nyingi, na sehemu kubwa yake ni watu kulinganisha sentensi za lugha mbili na kushangilia zikifanana. Hawaii inatusaidia kwa sababu huko tunajua nani alifika lini.

Mashamba yalipanuka baada ya mkataba wa biashara na Marekani wa mwaka 1875, uliofungua soko la sukari. Wachina walikuwa wameanza kuletwa mwaka 1852, wengi wao wanaume wasio na wake, na baadhi yao walioa Wahawaii. Wareno wa visiwa vya Madeira na Azori walianza kuingia mwaka 1878, na hao walikuja na wake na watoto. Wengi wakaja kuwa manyapara. Wajapani walianza kuja kwa wingi mwaka 1885, Wafilipino mwaka 1906. Mwanzoni pijini ya mashambani ilikuwa ya Kihawaii. Ile ya Kiingereza iliishinda polepole kuelekea mwisho wa karne, na sheria ya mwaka 1896, iliyofanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, iliusukuma mzani zaidi.

Sasa tazama ushahidi wa Bickerton. Miaka ya 1970 yeye na wenzake waliwarekodi wazee wa Kijapani na Kifilipino waliokuja Hawaii wakiwa watu wazima. Pijini yao ilikuwa ovyo kweli: Mjapani aliweka kitenzi mwishoni kama kwao, Mfilipino akakitanguliza kama kwao. Bickerton akaiweka pijini hiyo kando ya krioli ya waliozaliwa visiwani, akasema watoto walianza na fujo ile wakatoka na mpangilio huu. Lakini wengi wa wazee hao walifika baada ya mwaka 1900, wakati krioli ilikuwa tayari inachipua. Fujo yao haiwezi kuwa ndiyo malighafi yake.

Sarah Roberts ndiye aliyeingia kwenye majalada ya mahakama na magazeti ya zamani kutafuta maneno ya watu wa wakati ule. Alichokipata kinamkata Bickerton kwa upande mmoja na kumbeba kwa mwingine. Viashiria vya wakati na hali vya krioli vinaonekana zaidi kwa waliozaliwa Hawaii kuliko kwa wageni watu wazima, kwa hiyo wenyeji hawa kweli walikuwa na mkono mkubwa. Ila kizazi cha kwanza kuzaliwa huko hakikukosa lugha. Watoto wale walizungumza Kireno, Kikantoni au Kihawaii nyumbani, na pijini nje. Ni kizazi kilichowafuata ambacho krioli ikawa lugha yake ya kwanza. Mtoto mwenye lugha mbili hana haja ya ramani ya kuzaliwa nayo. Anayo sarufi ya mama yake.

Jeff Siegel alilifuata wazo hilo mwaka 2000. Mfano wake ninaouona mzito zaidi ni neno «stei», linalotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kukaa. Mzungumzaji wa krioli husema «Hi stei wok», yaani anafanya kazi sasa hivi. Husema pia «Da buk stei antap da teibol», kitabu kipo juu ya meza, na «Da wata stei kol», maji ni ya baridi kwa sasa. Kazi tatu kwa neno moja: tendo linaloendelea, mahali kitu kilipo, na hali ya kupita. Kiingereza sanifu hakilitumii neno hilo hivyo. Kireno kina kitenzi «estar» kinachofanya zote tatu, na hata sauti yake iko karibu. Kufanana kwa jambo moja kungeweza kuwa bahati. Kufanana kwa mambo matatu yaliyofungwa pamoja, katika lugha ya watu waliokuwa na watoto wengi mahali hapo na wakati huo, ni kitu kingine.

Mfano wa pili unahitaji tahadhari. Krioli hutumia «get» kwa kumiliki na kwa kuwapo: «Get wan haus» ni kuna nyumba, na «Hi get wan haus» ni ana nyumba. Kikantoni kina «yau» kwa mambo yote mawili, Kireno kina «tem». Wa lugha za chini hapa hushangilia. Lakini msomaji wa Kiswahili ameshaona kasoro: sisi nasi tunasema «kuna nyumba» na «ana nyumba» kwa -na ileile, na hatukuwahi kukata miwa Hawaii. Njia hii imeenea duniani. Kwa hiyo ushahidi wa «get» ni dhaifu kuliko wa «stei», na ni haki kumwachia Bickerton nafasi kidogo hapo.

Na Wajapani je? Sensa ya mwaka 1900 iliwahesabu takriban 61,000 kati ya watu 154,000. Kama wingi ndio ungeamua, krioli ingejaa Kijapani. Alama yake katika sarufi ni ndogo, kwani walikuwa wengi wakiwa watu wazima waliowasili karibuni, na watoto wao wa kuzaliwa visiwani walikuwa bado wachache wakati misingi ikiwekwa. Wanaohesabu vichwa bila kuuliza nani alikuwa na watoto, na mwaka gani, hujidanganya.

Kambi ya lugha ya juu imebaki na kitu kidogo hapa, ingawa si bure. Wazungumzaji wa Kiingereza mashambani walikuwa wachache, na kuanzia mwaka 1924 shule maalumu zilichuja watoto kwa ubora wa Kiingereza chao. Hata hivyo, mazoea ya Kireno yasingepata pa kushikia kama Kiingereza kisingekuwa na neno lenye sauti na maana ya karibu. Lugha ya juu ilitoa mwili, za chini zikautumia kwa namna yao.

Hukumu yangu kwa Hawaii, basi, ni kwamba lugha za chini zinaongoza, nazo ni zile tu za waliotangulia kuzaa. Haiti au Suriname zitahitaji kesi yao. Wanaodai hapa kwetu kwamba Kiswahili kilizaliwa kama krioli, kwa kuhesabu maneno ya Kiarabu, nao waonyeshe nani alizaa na nani, wapi, mwaka gani, na ni kipengele gani cha sarufi, kwani ngeli zetu zote ni za Kibantu.