Matende na mabusha: kwa nini asiyeumwa naye anaambiwa ameze vidonge?

Kila mara kampeni ya kumeza kingatiba inapopita mitaani, swali ni lile lile: "Mimi sina matende wala busha, vidonge hivi ni vya nini?" Swali hilo lina haki ya kujibiwa, na Zanzibar ina historia inayolijibu vizuri.

Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kugawa dawa za matende na mabusha kwa watu wote, Unguja na Pemba, mara moja kwa mwaka. Watu wengi walimeza, na uchunguzi wa damu katika maeneo ya ufuatiliaji ulionyesha kwamba maambukizi yameshuka sana. Baada ya mwaka 2006 ugawaji ulisitishwa. Watoto wa shule walipopimwa mwaka 2012, maambukizi yalikutwa tena katika visiwa vyote viwili, na ikabidi dawa zirudishwe. Minyoo ilikuwa imeendelea kuishi ndani ya watu ambao wengi wao hawakuwa na dalili yoyote.

Mgonjwa asiyeonekana

Matende na mabusha husababishwa na minyoo myembamba kama uzi, inayokaa ndani ya mirija ya limfu, yaani mirija inayorudisha maji ya mwili kwenye damu. Mnyoo aliyekomaa huweza kuishi miaka mitano au zaidi. Muda wote huo jike huzaa mamilioni ya vijiminyoo vichanga vinavyoingia kwenye damu. Mbu akimuuma mtu huyo huvinyonya, vikakua ndani yake kwa takriban wiki mbili, kisha akavipeleka kwa mtu mwingine.

Mtu huweza kuambukizwa akiwa mtoto, na mguu au korodani zisivimbe mpaka awe mtu mzima. Wengine hawavimbi maisha yao yote. Kwa hiyo kijana anayecheza mpira kila jioni anaweza kuwa na vijiminyoo vingi kwenye damu kuliko mzee mwenye mguu uliovimba. Anayeendeleza ugonjwa mtaani mara nyingi ni yule anayejiona mzima.

Kwa nini tusipimwe kwanza?

Vijiminyoo hivi vina tabia ya kujitokeza kwenye damu ya pembezoni usiku wa manane, saa ambazo mbu wa majumbani huuma zaidi. Mchana hujificha, hivyo damu iliyochukuliwa saa nne asubuhi inaweza kuonyesha kuwa ni safi wakati si safi. Vipo vipimo vya haraka vinavyofanya kazi saa yoyote, lakini kumpima kila mtu wa shehia nzima ni gharama na kazi kubwa kuliko kumpa kila mtu dawa ambayo ni salama kwa wengi wao. Vipimo hutumika baadaye, kwa watoto wa miaka sita na saba. Hao wamezaliwa baada ya ugawaji kuanza au muda mfupi kabla, hivyo wakikutwa na maambukizi ni ishara kwamba mbu bado wanasambaza minyoo.

Dawa inafanya nini, na haifanyi nini

Zanzibar na Tanzania Bara hutoa ivamektini pamoja na albendazoli. Dawa hizi huua vijiminyoo kwenye damu na kuwazuia minyoo wakubwa kuzaa kwa miezi mingi, lakini wengi wa minyoo wakubwa hubaki hai. Ndiyo maana dozi moja haitoshi. Mtu humeza kila mwaka, kwa miaka isiyopungua mitano, ili damu yake isiwe na cha kumpa mbu mpaka minyoo wakubwa wafe kwa uzee.

Vidonge haviondoi uvimbe uliokwisha kuwapo. Busha huhitaji upasuaji. Mguu wenye matende huhitaji kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa vizuri hasa katikati ya vidole, na kuinuliwa mtu anapokaa. Hata hivyo, mwenye matende au busha naye ameze, kwani anaweza kuwa bado na minyoo hai.

Hesabu ya shehia moja

Tuchukue mfano wa shehia yenye watu 1,000 wanaostahili kumeza, na kila mwaka wanameza 700. Ikiwa wale 300 wanaokosa hutokea kwa bahati tu kila mwaka, baada ya miaka mitatu watabaki kama 27 tu ambao hawajawahi kumeza hata mara moja. Baada ya miaka mitano watabaki wawili au watatu.

Lakini ikiwa wanaokosa ni wale wale, kwa mfano wavuvi walioko dago, vijana wanaorudi usiku kutoka kazini na wanaokataa kila mara, baada ya miaka mitano bado watakuwa 300. Ripoti zote mbili zitaandika kwamba asilimia 70 ya wanaostahili wamemeza. Katika shehia ya kwanza mbu hapati vijiminyoo, na katika ya pili anavipata kila usiku. Kwa hiyo, kama hujawahi kumeza hata mwaka mmoja, dozi yako ina uzito kuliko ya jirani aliyemeza miaka minne.

Nani ameze, nani asubiri

Idadi ya vidonge vya ivamektini hupimwa kwa urefu, ndiyo maana mgawaji huja na fimbo yenye alama. Mwenye sentimita 90 hadi 119 hupewa kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, na kuanzia 159 vinne. Albendazoli ni kidonge kimoja. Ni vizuri kula kwanza, na kumeza papo hapo mbele ya mgawaji.

Wasimeze watoto walio chini ya miaka mitano au wasiofikia sentimita 90, wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja, na mgonjwa aliyezidiwa. Kanuni hizi hubadilika kulingana na dawa. Pwani ya Kenya, ilikotumika dawa iitwayo DEC pamoja na albendazoli, watoto walimeza kuanzia miaka miwili. Sehemu zenye usubi wa macho, kama Mahenge kule Morogoro, DEC haigawiwi hivyo kwa sababu inaweza kuleta madhara makali kwenye macho ya mwenye ugonjwa huo. Huko hutumika ivamektini.

Ukijisikia vibaya baada ya kumeza

Homa, kichwa kuuma, kizunguzungu, viungo kuuma au maumivu ya korodani huweza kutokea na mara nyingi huisha ndani ya siku mbili tatu. Kwa kawaida husababishwa na vijiminyoo vinavyokufa kwa wingi, hivyo huwapata zaidi wale waliokuwa navyo. Ukipata maumivu hayo pumzika na unywe maji. Ukishindwa kupumua, ukivimba uso au ukizidiwa, nenda kituo cha afya mara moja.

Wengine huona shaka kwa sababu vidonge ni vya bure, na husikika uvumi kwamba ni vya kuzuia uzazi. Hazifanyi kazi hiyo: albendazoli ni dawa ile ile ya minyoo ya tumbo inayouzwa madukani. Ni za bure kwa sababu watengenezaji wake, Merck kwa ivamektini na GSK kwa albendazoli, walikubali kuzitoa kama msaada tangu mwaka 1998. Kama mgawaji alipita hukuwapo nyumbani, muulize sheha au mwenyekiti wa mtaa dozi yako ilipo kabla kampeni haijafungwa.