Picha ya Chupa Haisemi Kilichomo

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kusema juu ya jambo ambalo limezua ubishi mkubwa mabwenini, jikoni na hata kwa baadhi ya wazazi. Muhula uliopita, wakati wa kusafisha stoo iliyo nyuma ya jiko, ilionekana chupa ya plastiki ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, iliyofungwa kwa kifuniko chake lakini haina karatasi ya jina. Ndani yake mlikuwa na kitu cha majimaji kisicho na rangi, cheupe kama maji ya kisima. Mmoja wa wafanyakazi aliipiga picha kwa simu yake akaituma kwa wenzake, akiuliza, "Hiki ni nini?" Chini ya picha akaongeza kwamba ameifungua akanusa na haina harufu.

Majibu yalirudi kabla ya chai ya saa nne. Wa kwanza alisema ni maji tu. Wa pili akasema ni spiriti iliyopotewa na harufu. Wa tatu akasema ni siki. Mzazi mmoja, aliyepelekewa picha ile kutoka kwa jamaa yake, alishikilia kuwa ni dawa ya kusafishia choo. Kila mmoja alikuwa na hakika yake, na kila mmoja alitazama picha ile ile. Hapo ndipo ninapotaka kuingia, kwa sababu hata sasa wako wenzangu wasemao kwamba kosa lilikuwa la picha, haikupigwa vizuri, na kwamba ingalipigwa mahali penye mwanga wa kutosha tungaliweza kujua. Mimi nasema hasha.

Tufikiri kidogo maana ya kusema kitu hakina rangi. Nuru ya jua ina rangi nyingi pamoja. Kitu chekundu huwa chekundu kwa sababu humeza rangi nyingine na kuiacha nyekundu ifike machoni. Kitu kisicho na rangi huiacha nuru yote tunayoweza kuiona ipite bila kumeza sehemu yake. Basi, maji hufanya hivyo. Spiriti safi hufanya hivyo, siki nyeupe hufanya hivyo, soda kali iliyoyeyushwa majini hufanya hivyo, na asidi ya salfuriki hufanya hivyo. Kamera haina zaidi ya kupima wekundu, ukijani na ubuluu wa kila nukta ya picha. Ikiwa kitu hakikumeza nuru yoyote, kamera haina cha kupima. Itakuonyesha rangi ya plastiki, rangi ya ukuta ulio nyuma, na umanjano wa taa ya stoo. Picha bora kuliko ile ingalituonyesha chupa ile vizuri zaidi, lakini si kilichomo.

Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Tatu alinijibu kwamba vitu hupinda nuru kwa kiasi mbalimbali, kwa hiyo mtu mwenye jicho kali angeona mistari ya nyuma ya chupa ikipinda tofauti. Ni hoja nzuri, na katika maabara kuna chombo cha kupimia jambo hilo. Lakini atazame tarakimu. Kipimo cha maji ni 1.33, na cha methanoli, ambayo ni sumu, ni 1.33 vile vile. Jicho gani litakalozitenga hizo kwa picha ya simu?

Sasa nije kwenye harufu, maana wengi huiamini kuliko rangi. Kwanza, picha haina harufu. Tunachopewa ni neno la mtu aliyenusa, na mtu huyo huenda ana mafua, au chupa yenyewe ilikuwa ya soda ya machungwa, na plastiki hushika harufu ya kitu kilichotangulia. Pili, na hili ndilo kubwa, kunusa huhitaji kitu kiruke hewani kifike puani. Kitu kisichoruka hewani hakina harufu, hata kiwe kikali namna gani. Asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji hairuki katika joto la kawaida, na soda kali hairuki. Kwa hiyo yule aliyesema "haina harufu, basi ni maji" alitoa hukumu ambayo ushahidi wake unafaa vile vile kwa vitu viwili vinavyounguza ngozi na kupofusha macho.

Na kinyume chake pia si salama. Methanoli ina harufu iliyo karibu sana na ya spiriti ya kawaida. Wasomaji wengi watakumbuka au watakuwa wamesikia habari za mwezi wa Mei 2014, huko Kenya, ambako pombe iliyochanganyika na methanoli iliua watu zaidi ya 80 katika kaunti kadhaa, Embu ikiwa mojawapo, na wengine wakapofuka. Watu wale walikuwa na macho na pua, na wengi wao walikuwa wazoefu wa pombe. Mililita 10 za methanoli safi, yaani kama vijiko viwili vya chai, huweza kumpofusha mtu, na mililita 30 huweza kumwua. Tena dalili zake kali hukawia, mara nyingi saa 12 hadi 24, maana si methanoli yenyewe iletayo madhara hayo bali asidi ya fomiki ambayo mwili huitengeneza kutokana nayo. Mtu akisema "nimeonja jana usiku na sijadhurika," bado hajasema kitu.

Turudi kwenye chupa yetu, kwa sababu ilichukuliwa ikapelekwa kwa mwalimu wa kemia, naye alitukubalia sisi wa Kidato cha Nne tutazame kwa mbali. Hakuifungua kwanza. Alitafuta chupa nyingine ya namna ile ile, kifuniko kile kile, akaijaza maji hadi usawa uleule, nayo ilichukua mililita 400. Kisha akazipima zote mbili kwenye mizani. Chupa tupu yenye kifuniko ilikuwa gramu 20. Yenye maji ilikuwa gramu 420, kama ilivyotazamiwa. Ile iliyookotwa ilikuwa gramu 532. Tukiondoa 20 tunapata gramu 512 kwa mililita 400, yaani gramu 1.28 kwa kila mililita moja.

Tarakimu hiyo moja ilifanya kazi ambayo picha haikuiweza. Maji yangalikuwa gramu 1.00. Spiriti ingalikuwa karibu 0.79, na mafuta ya taa karibu 0.80. Siki ya jikoni haitofautiani sana na maji. Basi majibu matatu ya mwanzo yaliondoka pale pale. Lakini hapa naomba wasomaji wasikimbilie kupiga makofi, kwa maana mizani haikutaja jina. Soda kali ikiyeyushwa kwa wingi, yapata robo ya uzito wote, huwa na uzito kama ule ule, na kwa hiyo yule mzazi wa dawa ya choo alikuwa bado hajashindwa. Na kama chupa ingalikuwa na kitu cha 0.79, mizani isingalitenga spiriti na methanoli, kwani zote mbili ni 0.79.

Ndipo mwalimu akavaa glovu na miwani ya kukinga macho, akafungua chupa penye hewa nyingi, akachota tone moja kwa kijiti cha kioo. Litmasi ya buluu iligeuka nyekundu mara moja. Basi soda kali nayo ikaondoka. Akatia matone machache katika maji mengi ndani ya neli, akaongeza asidi ya hidrokloriki kidogo, kisha bariamu kloridi. Likatokea tope jeupe zito, ambalo halikuyeyuka katika asidi ile. Sisi tunaojiandaa kwa mtihani twajua maana yake: mna salfeti. Kitu chenye asidi, chenye salfeti, cha uzito wa 1.28, ni asidi ya salfuriki ya betri.

Hata hivyo mwalimu hakuandika jina lake mpaka alipomwita fundi wa umeme wa jua. Fundi akakiri kwamba alipotengeneza betri za bweni alibakiwa na kidogo, akakihifadhi katika chupa aliyoiona karibu. Alipoulizwa mbona hakumwambia mtu, alijibu kwamba alimwambia mpishi: "Hayo ni maji ya betri." Na mpishi akasikia "maji." Lugha yetu yenyewe ilimponza, kwani maji ya betri watu huyaita maji yale safi ya kuongezea na huiita pia asidi yenyewe.

Wako wasemao kwamba chupa ni ghali, na kwamba inatosha kuibandika karatasi yenye jina. Sikubaliani nao. Karatasi hubanduka kwa unyevu wa stoo, wino hufutika, na watoto wadogo wa walimu wanaocheza karibu na jiko hawajui kusoma. Kwao chupa ya maji ni ya maji. Chupa ya kinywaji isitiwe kamwe kitu kisichonywewa, hata chenye jina. Atakayeokota chupa isiyo na jina asiifungue, asiinuse wala kuionja, asiimwage bombani. Aiache wima, mbali na moto, amwite mwalimu. Picha apige akitaka, lakini iwe ya kuonyesha mahali ilipookotwa na kiasi kilichomo, ili aliyeijaza aitambue. Na ikiwa mtu amekwisha kunywa, asukutue kinywa, asilazimishwe kutapika, maana asidi itaunguza koo mara ya pili na mafuta ya taa huweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali upesi pamoja na chupa ikiwa imefungwa, wala asingoje dalili.

Naiomba Bodi ya Shule inunue madumu sita yenye rangi na vifuniko vya kufuli, mawili ya fundi, mawili ya jiko na mawili ya maabara, kabla betri hazijafunguliwa tena mwezi ujao.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne