Wenye Chongo ni Nani?

Katika toleo letu lililopita tulipiga chapa maagizo mafupi kwa watumishi wanaohamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Maagizo hayo yaliandikwa na mwenzetu mmoja mwenye uzoefu wa safari nyingi, kisha yakapita mikononi mwetu ili yasahihishwe na kufupishwa, maana karatasi ilikuwa imejaa. Juma la pili baada ya kuyatoa tulipata barua kutoka tawi moja la kusini, yenye heshima zote tangu salamu hata mwisho, ikiuliza neno moja tu: “Twaomba kufahamishwa ni yupi kati yetu aliyeonekana kuwa na chongo.”

Yafaa tueleze jambo lilivyokuwa. Mwandishi wa kwanza alikuwa ameandika hivi: “Mtumishi ahamiaye kituo kipya aulize kwanza desturi za mahali hapo, hasa katika maamkizi na misiba, asije akaonekana mtu wa kiburi bila kukusudia.” Sisi tuliona sentensi ni ndefu na kavu. Tukaifuta, na mahali pake tukatia: “Ukienda nchi ya wenye chongo, nawe fumba lako jicho; basi ahamiaye afanye kama wafanyavyo wenyeji.” Tulifurahi sana kwa kazi yetu, wala hapana hata mmoja kati yetu aliyesita, maana methali hii tumeisikia tangu utotoni, na maana yake yajulikana kwa kila mtu: fuata desturi za watu uendako.

Barua ilipofika, jibu letu la kwanza, twakiri, lilikuwa la kujitetea. Tulisema ni methali tu, wahenga ndio waliosema. Lakini tulipoisoma tena polepole tuliona kwamba wenzetu wa kusini walikuwa na haki. Katika methali hiyo wako watu wawili. Wa kwanza ni msafiri mwenye macho mawili mazima. Wa pili ni wenyeji, nao wote wana kasoro, na msafiri anafumba jicho lake kwa hiari ili kuwaridhisha. Sentensi ya kwanza ilimwambia mgeni kwamba yeye ndiye asiyejua na kwamba yampasa kuuliza. Yetu ilimwambia kwamba yeye ndiye mzima, wenyeji ndio wenye upungufu. Hatukufupisha maneno ya mwandishi, tuliyageuza kichwa chini.

Tena liko jambo la nani anayesikia. Mzee aketiye barazani akimuaga mwanawe aweza kuitumia methali hii bila kumwudhi mtu, kwa kuwa wale wenyeji wa mbali hawapo. Bali waraka wa Chama hausomwi na msafiri peke yake. Husomwa na yule anayetoka na yule anayempokea, siku moja, kwa maneno yale yale. Na hatusemi lolote juu ya wenzetu wachache ambao kwa kweli jicho lao moja halioni, ambao nao hulipa ada ya Chama kama sisi.

Tangu barua ile tumebadili namna yetu ya kukagua maandishi yaliyoandikwa upya, nasi twapenda kueleza namna hiyo kwa makatibu wa matawi, kwa sababu wengi wao wana kazi hii hii ya kusahihisha barua za wanachama. Twaweka andiko la kwanza na andiko jipya ubavu kwa ubavu, na kwa kalamu ya risasi twapiga mstari chini ya kila neno la mfano, mzaha au methali lililomo katika jipya na ambalo halikuwamo katika la kwanza. Hatari kubwa imo humo. Mwandishi wa kwanza mara nyingi huwajua watu anaowaandikia, na maneno yake makavu huenda yalichaguliwa makavu makusudi. Msahihishaji hawajui watu hao. Yeye ajua tu kwamba sentensi haina ladha.

Kisha, kwa kila neno lililopigiwa mstari, twajiuliza swali lililo kichwani mwa habari hii: wenye chongo ni nani? Yaani, katika methali kila mtu ana kiti chake, nasi twatazama ni watu gani halisi watakaokalishwa katika kila kiti. Twaliandika jina lao kabisa pembeni. Chukua “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Katika tangazo la kilimo haina neno. Katika tangazo la kuwakaribisha watumishi wapya waliotoka mkoa mwingine, mgeni amekwisha kupata jina na kabila, na anaambiwa kwamba siku zake za kupendwa zimekwisha hesabiwa.

Jaribio la mwisho ni kumpa mtu wa jamii ile asome. Hapa makatibu wengi hukosea, nasi tulikosea. Ukimwita karani kijana ukamwuliza, “Je, maneno haya yanawatukana ninyi?” atajibu, “La, bwana, hapana neno,” maana aliyemwuliza ni mkubwa wake, na tena hapendi kuonekana mtu wa kununa. Swali hilo halifai. Mwombe akueleze sentensi kwa maneno yake mwenyewe, akutajie inamsema nani na inamsifu nani. Akianza kwa kucheka kidogo na kutazama chini, au akieleza nusu ya kwanza kwa urahisi kisha akaruka nusu ya pili, umekwisha kupata jibu. Na usimchague yule mcheshi wa ofisi ambaye watu wote humtania; yeye amekwisha zoea.

Utani nao una shida yake ya pekee, na twataka kukaa hapo kidogo, maana wenzetu wengi wadhani kwamba utani ni ruhusa ya kusema lolote. Hivi karibuni mwanachama mmoja Mngoni alituletea habari ya kumuaga rafiki yake Mhehe aliyestaafu. Ilikuwa habari nzuri sana, na ndani yake mlikuwa na mzaha mmoja wa zamani unaohusu chakula, ambao hatutaurudia hapa. Watu hao wawili ni watani. Babu zao walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na baada ya uadui ule ukaja utani, hata leo Mngoni na Mhehe hutupiana maneno ambayo yangemfanya mtu mwingine apigwe.

Lakini mtani hasemi bure. Mtani akifiwa, mtani wake hufika, husaidia kazi za maziko, hufanya vichekesho mbele ya wafiwa wakati ambapo hakuna mwingine athubutuye, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Mzaha wake umelipiwa kwa kazi hiyo. Sasa tazama yaliyotokea katika kuandika upya. Mmoja wetu, kwa desturi ya gazeti hili, alilifuta jina la mwandishi na kuligeuza “mimi” kuwa “sisi.” Neno lile lile moja, bila kuongezwa herufi, likawa halisemwi tena na Mngoni kumwambia Mhehe wake, bali linasemwa na Chama kizima, chenye Wahaya na Wamakonde na Wachaga, ambao hawana utani wo wote na Wahehe wala hawatakwenda kumzika mtu huko Iringa kwa ajili ya utani. Safari hii tuliligundua mapema, kwa kuwa sasa twapiga mstari pia kila mahali ambapo msemaji amebadilika. Tukamrudishia mwandishi jina lake na “mimi” yake, tukampelekea Mhehe mwenyewe nakala kwanza. Yeye aliuacha mzaha, akaongeza wake juu ya Wangoni. Vyote viwili vimo katika toleo hili, kila kimoja chini ya jina la mwenyewe.

Yako maneno mengine ambayo jina la jamii halionekani kabisa, nayo ndiyo magumu kuyakamata. Katika rasimu ya barua juu ya hesabu za fedha msahihishaji wetu alikuta maneno “aliyezoea njia za mkato huona taabu kufuata kanuni,” akaandika badala yake “mzoea kunyonga, kuchinja hawezi.” Kwa masikio ni tamu kuliko ile ya kwanza. Lakini kuchinja katika nchi yetu si neno jepesi. Mwaka 2013 huko Buseresere, katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa ulifika hata kumwaga damu ya mtu. Barua yetu ilikuwa inakwenda matawi ambayo nusu ya watu ni Waislamu na nusu ni Wakristo, na ilikuwa inawalaumu watunza fedha fulani. Kama walaumiwa ni wa dini moja na mwenye kulaumu ni wa dini nyingine, msomaji hatafikiri juu ya hesabu tena. Atafikiri kwamba wanaitwa wala vibudu. Tulirudisha njia za mkato.

Hatusemi kwamba methali zote zifutwe. Tumeona waraka wa aina hiyo, nao haukusomwa na mtu. “Haba na haba hujaza kibaba” haimkalishi mtu katika kiti kibaya, wala “Haraka haraka haina baraka.” Tena kuna mahali ambapo kusafisha maneno ni kosa lenyewe, napo ni katika kumbukumbu za mikutano. Mjumbe akimwita mwenzake mshenzi mbele ya kamati, katibu asiandike “palikuwa na kutoelewana kidogo.” Neno hilo watu wa pwani waliwaita watu wa bara, nalo bado lauma, aliyetukanwa ana haki ya kulikuta limeandikwa kama lilivyosemwa, ili malalamiko yake yawe na ushahidi.

Kwa wenzetu wa kusini tumekwisha andika barua. Hatukueleza methali maana yake nini, kwa kuwa waijua kama sisi, wala hatukusema kwamba wameielewa vibaya. Tumeomba radhi kwa maneno tuliyoyatia wenyewe, tumeeleza kwamba hayakutoka kwa mwandishi wa maagizo, naye tumemwomba radhi pia, maana ndiye aliyeanza kutazamwa kwa jicho baya na watu ambao hakuwakosea. Sentensi yake ya kwanza imo katika ukurasa wa pili wa toleo hili, nzima kama alivyoiandika. Makatibu wenye nakala za zamani ubaoni waziondoe na kuweka ukurasa huo.