Dawa ya Kikohozi na Mtu Aliyeshika Usukani

Chupa nyingi za dawa ya maji ya kikohozi zinazouzwa bila cheti cha daktari hubeba onyo dogo la Kiingereza: dawa hii inaweza kuleta usingizi, ukiona imekuathiri, usiendeshe gari wala mashine. Onyo hilo ni la kweli, lakini kwa maoni yangu lina kasoro moja kubwa. Linamwachia mgonjwa kazi ya kujipima, ilhali ubongo anaoutumia kujipima ndio huohuo uliokwisha kuguswa na dawa. Kwa sababu hiyo naona jukumu la kwanza ni la anayetoa dawa, nalo hutimizwa kwa swali moja: unafanya kazi gani?

Kisa kifuatacho ni cha kubuni, ingawa hakuna jambo ndani yake lisiloweza kutokea kesho asubuhi.

Dereva mmoja wa basi, mwenye umri wa miaka 48, alikuwa na mafua kwa siku nne. Pua ilikuwa imepungua kutiririka, lakini kikohozi kilimkatiza kila alipoanza kuzungumza. Katika duka la dawa karibu na stendi alipewa chupa moja na maelezo mafupi: vijiko viwili vya chai, mara tatu kwa siku. Hakuulizwa lingine. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa kuwa hakuwa na kijiko, alipiga mafunda mawili makubwa kutoka chupani. Kipima ulevi alichopuliza kabla ya safari kilisoma sifuri. Saa kumi na mbili basi liliondoka Dar es Salaam kuelekea Mbeya.

Kabla ya kufika Morogoro, abiria aliyetaka kushuka Mikese alipitishwa, na kondakta alilazimika kugonga bodi mara tatu ndipo gari liliposimama. Dereva alisema hakusikia. Hakuwa akipiga miayo, wala macho hayakuwa mazito. Kinywa tu kilikuwa kikavu, naye akadhani ni vumbi. Morogoro kikohozi kilirudi, akapiga mafunda mengine mawili. Baada ya hifadhi ya Mikumi aligundua kwamba hakumbuki vizuri kilomita alizozipita, na mara mbili tairi la kushoto lilikanyaga ukingo wa lami.

Waliposimama Ruaha Mbuyuni kwa chakula, chupa ilikuwa karibu kwisha. Alitaka mpwa wake, ambaye ni muuguzi, amtafutie nyingine kama hiyo, basi akaipiga picha lebo na kumtumia. Jibu halikuchelewa.

“Shikamoo mjomba. Dawa hii unakunywa ukiwa safarini?”

“Marahaba mama. Ndiyo, kikohozi hakiniachi.”

“Hebu ikuze hiyo picha, usome mstari wa chini kabisa.”

Chupani herufi zile zilikuwa ndogo mno kwa macho ya mtu wa umri wake. Katika kioo cha simu zilikua hadi zikasomeka. Neno la Kiingereza la kuendesha alilijua, kwa kuwa limo katika leseni yake. Mengine mpwa alimfasiria. Juu ya mstari huo lilikuwepo jina la dawa: diphenhydramine. Mbele yake kulikuwa na mlima Kitonga, na nyuma yake abiria zaidi ya hamsini. Alimkabidhi dereva mwenza usukani, akaketi kiti cha kondakta, na kabla basi halijaanza kupanda alikuwa amelala fofofo.

Tuhesabu alichokunywa. Dawa ya aina hiyo huwa na takriban miligramu 14 za difenhidramini katika kila mililita 5. Vijiko viwili vya chai ni mililita 10, yaani miligramu 28. Mafunda mawili makubwa hufikia kwa urahisi mililita 20, yaani miligramu 56. Zipo nchi ambako dawa hiyohiyo huuzwa kama kidonge cha kuleta usingizi, na kipimo cha mtu mzima ni miligramu 50 wakati wa kulala. Kwa maneno mengine, dereva wetu alimeza kipimo cha kulalia alfajiri, kisha akameza kingine saa chache baadaye. Kwa mtu mzima, nusu ya dawa hii huhitaji takriban saa tisa kuondoka mwilini, hivyo kipimo cha pili kilikuta sehemu kubwa ya kile cha kwanza bado imo.

Difenhidramini huzuia kazi ya histamini. Puani, kizuizi hicho hupunguza makamasi. Lakini histamini ni moja ya vitu vinavyouweka ubongo macho, na dawa za kundi hili la zamani, pamoja na klorofeniramini na promethazini, huingia katika ubongo bila shida. Huko hupunguza kwanza umakini na wepesi wa kuitikia. Usingizi unaohisiwa huweza kuja baadaye, au usije kabisa.

Hapo ndipo onyo la chupani linapopungua nguvu. Mwaka 2000 watafiti wa Iowa, Marekani, walichapisha jaribio la watu 40 wenye mzio, walioendesha katika mtambo unaoigiza gari. Walipopewa miligramu 50 za difenhidramini waliendesha vibaya zaidi kuliko walipokunywa pombe ya kiwango cha karibu asilimia 0.1 katika damu. Jambo la kutisha zaidi ni kwamba usingizi waliosema wanauhisi haukutabiri vema jinsi walivyoendesha. Kumwambia dereva asiendeshe “akihisi” usingizi ni kumpa kipimo kisichosoma. Kipima ulevi nacho hakiwezi kumsaidia, kwa maana kinatafuta pombe peke yake.

Nafahamu pingamizi la wenzangu wa maduka ya dawa: foleni ni ndefu, na mteja huja akitaja dawa anayoitaka. Hata hivyo, swali la kazi huchukua sekunde tano. Mteja akijibu kwamba ni dereva, mwendesha bodaboda, fundi wa mashine au mtu anayepanda juu ya majengo, asipewe dawa yenye viungo hivyo vitatu kwa siku za kazi. Asiambiwe tu aimeze usiku, kwani klorofeniramini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na huweza kumfuata hadi asubuhi. Hapotezi kikubwa: kikohozi cha mafua kwa kawaida huisha chenyewe, na asali katika maji ya vuguvugu hutuliza koo bila kugusa akili. Akiwa amekohoa wiki mbili au zaidi, au anatoa damu, anatokwa jasho usiku au amekonda, hahitaji chupa yoyote. Anahitaji kupimwa kifua kikuu.

Kwa mgonjwa ambaye hakuulizwa, simu yake ni msaada. Piga picha lebo ukiwa bado dirishani, ikuze, umwoneshe mtoa dawa na umuulize: kuna kitu hapa kinacholeta usingizi? Pima dawa kwa kifuniko au kijiko, kamwe si kwa funda.

Na kwa mtoa dawa, kalamu ipo mezani. Pale anapoandika “2 x 3” aongeze chini yake, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: USIENDESHE CHOMBO UKITUMIA DAWA HII, HATA KAMA HUHISI USINGIZI.