Kilimia Kimo Simuni, Lakini Tazameni Juu

Washairi wengi tumeandika "Kilimia" bila kuwahi kukiona. Nami nilikuwa mmoja wao hadi Desemba 2024, nilipolala Geita na kuamua kukitafuta kwa programu ya nyota iitwayo Stellarium.

Niliegemea boneti ya gari, nikainua simu. Ikaniambia kwamba Jabari yuko kaskazini. Nikaamini, nikatazama, nikaona nyota nisizozijua. Kosa halikuwa la programu. Dira ya simu hupotoshwa na chuma, na hapo chuma kilikuwa mgongoni mwangu. Hata vilima vya Geita, ambako dhahabu hupatikana katika miamba yenye chuma, si mahali pa kuiamini dira kwa upofu.

Anayeanza na ahakikishe hivi. Asogee mbali na gari na mabati, aizungushe simu hewani kwa mchoro wa tarakimu 8, kisha aupime ukweli kwa mkanda wa Jabari. Nyota zake tatu huchomoza karibu mashariki kamili. Katikati ya Desemba, saa mbili usiku, huwa zimekwisha kupanda kidogo, zimepangana mshazari. Simu ikizionyesha kwingine, simu ndiyo iliyopotea.

Kutoka mkanda huo nilipanda kwa jicho, nikielekea kaskazini: nikakuta nyota nyekundunyekundu, kisha kile kishada kidogo kama ukungu. Hicho ndicho Kilimia. Kando ya ile nyekundu palikuwa na kitone kikubwa cheupe kisichometameta. Programu ikasema: Jupiter, yaani Mshtarii. Mwaka mmoja baadaye Mshtarii ilikuwa imehamia kwenye kundinyota la Mapacha, ilhali Kilimia na Jabari hawajabanduka. Sayari husafiri; nyota hukaa.

Lakini faida kubwa niliipata Shinyanga, nilipousogeza mbele muda wa programu, siku baada ya siku. Mwanzoni mwa Mei, Kilimia kilizama magharibi mara tu baada ya jua. Kikatoweka, kisha katikati ya Juni kikachomoza alfajiri. Wahenga walisema: Kilimia kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua, kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Huku Shinyanga nusu ya kwanza inalingana na msimu: mvua zinapomalizika kinazama, na kiangazi kinapotamalaki kinazuka. Kinaporudi kuchomoza jioni, Novemba, wakulima wanatazamia mvua za kupandia. Ndipo nikaelewa kwa nini neno lenyewe lina "lima" ndani yake.

Kwa hiyo siwaombi washairi waiogope programu. Naomba wasiishie kwenye kioo. Kioo huandika Pleiades. Kazi yetu ni kuinua macho, tukihakikisha, kisha kuandika Kilimia tukijua tunakitaja kitu gani.