Nyuzi 60 Hazigawanyiki kwa Tatu

Anayeandika kwamba njia ya kugawa pembe yoyote mafungu matatu sawa, kwa bikari na rula isiyo na alama, "haijagunduliwa bado" anapotosha wasomaji. Mwaka 1837 Mfaransa Pierre Wantzel alithibitisha kwamba njia hiyo haipo.

Chukua nyuzi 60, pembe ambayo mwanafunzi huichora kwa bikari bila taabu. Kuigawa kwa tatu ni kupata nyuzi 20, yaani urefu wa cos 20°. Kanuni ya pembe mara tatu ni cos 3θ = 4cos³θ − 3cos θ. Kwa kuwa cos 60° ni nusu, tukiweka x = 2cos 20° tunapata x³ − 3x − 1 = 0. Kama mlinganyo huu una jibu la namba wiano, lazima liwe 1 au −1. Weka 1, unapata −3. Weka −1, unapata 1. Sifuri haitoki, kwa hiyo mlinganyo hauvunjiki kuwa vigawe vidogo, na daraja la x ni 3.

Hapo bikari inakwama. Makutano ya mistari na duara huongeza vipeuo vya pili tu, hivyo kila urefu unaochoreka una daraja la 1, 2, 4, 8 na kuendelea. Tatu haimo.

Ni kweli, nyuzi 90 hugawanyika, na Archimedes aliweza pembe yoyote kwa rula yenye alama mbili. Lakini hiyo ni zana nyingine. Mwenye mchoro wake akokotoe kosaini anayoipata, aizidishe kwa mbili, aiweke kwenye mlinganyo. Isipotoa sifuri kamili, amekadiria tu.